Bitkoini inaonekana kwenye mnyororo, mbona salio halijaongezeka?

Umetuma bitkoini kwenda kwenye akaunti yako ya soko la sarafu za kidijitali. Unafungua mempool.space, tovuti inayoonyesha miamala ya bitkoini, unabandika namba ya muamala (TXID), na muamala unaonekana pale. Lakini ukirudi kwenye akaunti, salio ni lile lile. Mara nyingi soko linasubiri tu bloku, yaani mafungu ya miamala yanayounda mnyororo, ziongezeke.

Ukiona `Unconfirmed`, uthibitisho ni sifuri: muamala umetangazwa, ila hakuna mchimbaji aliyeuingiza kwenye bloku. Hapo ada ndogo inaweza kukuchelewesha kwa saa nyingi, na mtumaji bado anaweza kuubadilisha kwa muamala mwingine wenye ada kubwa zaidi. Ukishaingia kwenye bloku, bloku hiyo yenyewe ni uthibitisho wa kwanza. Hapa ndipo wengi hukosea kwa moja, kwa sababu wanatoa bila kujumlisha:

```
uthibitisho = bloku_ya_mwisho - bloku_ya_muamala + 1
```

Tuseme muamala wako umo kwenye bloku ya 840,000, na bloku ya mwisho kwa sasa ni ya 840,001. Una uthibitisho 2. Kama soko lako linadai 3, unasubiri bloku ya 840,002. Idadi inayodaiwa huandikwa kwenye ukurasa ule ule unaokupa anwani ya kupokelea. Soma na mstari wa kutoa fedha, maana yapo masoko yanayokuongezea salio mapema lakini hayakuruhusu kulitoa mpaka idadi kubwa zaidi ifike.

Bloku moja ya bitkoini huchukua wastani wa dakika 10, na neno la kushika ni wastani. Takriban bloku moja kati ya 20 huchelewa zaidi ya nusu saa. Tena, kama dakika 25 zimepita bila bloku, bado wastani wa kusubiri ni dakika 10 nyingine; uchimbaji haukumbuki umekaa muda gani. Kuongeza ada wakati huu hakusaidii kitu, kwa kuwa ada ilinunua nafasi ndani ya bloku na nafasi hiyo umeshaipata.

Soko husubiri kwa sababu bloku za mwisho kabisa zinaweza kutupwa, mnyororo mwingine uliofanyiwa kazi nyingi zaidi na kompyuta za wachimbaji ukijitokeza. Sarafu ya Ethereum Classic ilishambuliwa hivyo Januari 2019, na fedha zile zile zikatumika mara mbili. Ndiyo maana sarafu yenye wachimbaji wachache hudaiwa uthibitisho mwingi zaidi.

Idadi ikishapita na salio halijasogea kwa saa nzima, linganisha anwani iliyopokea na ile ya akaunti yako, herufi kwa herufi, kisha angalia kama kiasi ulichotuma kimefika kiwango cha chini cha soko. Vyote vikiwa sawa, wapelekee huduma kwa wateja TXID, kiasi na anwani. Anayekuomba maneno ya siri ya pochi ili "aharakishe uthibitisho" ni mwizi.