Kipara, jua la Februari na kofia inayokinga kweli

Februari mwaka jana nilisimamia umwagaji wa zege kwenye nyumba yangu Kigamboni. Jioni iliyotangulia nilipita kwa kinyozi nikanyoa kipara kwa wembe, kama nifanyavyo tangu nywele za utosini zilipoanza kupungua. Nilishinda juani kichwa wazi, saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Usiku kichwa kilikuwa cha moto, ngozi imevutika kama ngoma, utosi ukigusa mto nashtuka. Siku ya nne nikaanza kubabuka.

Ngozi yangu ni nyeusi, kwa hiyo kwenye kioo sikuona wekundu wowote. Wengi wetu hudhani hatujaungua kwa sababu hiyo. Pima kwa mkono: joto, maumivu ukigusa, ngozi kukaza, halafu maganda. Na kipindi kile jua la mchana hapa Dar hukaa karibu wima, hivyo utosi ndio unaolipokea kwanza.

Baada ya hapo nilijaribu kofia tatu. Kofia ya kiua naipenda, lakini ile imetobolewa makusudi ipitishe hewa. Iinue juani uone nukta za mwanga kiganjani mwako. Kapelo inafunika utosi ila inaacha masikio na shingo, na ule uwazi wa nyuma juu ya mkanda uliniachia alama ya nusu mwezi kisogoni. Iliyonifaa ni pama ya kitambaa kizito, ukingo wake upana wa vidole vinne kuzunguka kote. Kabla ya kununua, ielekeze kwenye taa. Ukiona mwanga unapenya, irudishe.

Losheni ya kukinga jua nayo inafanya kazi, tatizo ni sisi tunavyoipaka. Tone moja halitoshi kichwa kizima. Mimi nakamua mistari miwili, kidole cha shahada na cha kati, kutoka ncha hadi kiganja, ya SPF 30 au zaidi, dakika 15 kabla ya kutoka, kisha narudia kila baada ya saa 2. Ukitoka jasho inateremka machoni na kuwasha, na kwenye saiti vumbi la saruji linaganda juu yake. Kama bado una nywele chache, nyingi itaishia kwenye nywele badala ya ngozi.

Ndiyo maana natanguliza kofia, kwa kuwa haihitaji kurudiwa. Losheni naipaka masikioni, kisogoni na shingoni, na kichwa kizima pale nisipoweza kuvaa kofia. Baharini natumia vyote viwili, maana mwanga unaoruka kutoka majini unapita chini ya ukingo.

Ukiwa umeshaungua, poza kwa kitambaa cha maji baridi, si barafu. Malengelenge mengi, homa au kutapika, nenda hospitali. Na usinyoe mpaka maganda yaishe. Mimi niliwahi mno, kinyozi akapaka spiriti kama kawaida yake, nikaruka kwenye kiti.