Je, nifute "bon" na "unayua" kwenye maandishi ya mahojiano?

"Mwalimu, ninaandika mahojiano yaliyorekodiwa hapa Lubumbashi. Kila mtu anajaza bon, unayua, basi. Mkubwa wangu wa kazi anataka nizifute zote ili maandishi yawe safi. Nizifute?"

Usiziguse kwanza, ndugu yangu. Gazeti linalotaka habari tupu linaweza kuishi bila nyingi kati yake. Lakini kama kuna mtu atakayesoma ili ajue watu walielewana vipi, ziache zote. Tazama mazungumzo haya ya wauzaji wawili wa soko moja:

— Utakuya kesho?
— (kimya kidogo) Bon… kesho, unayua, mutoto eko mugonjwa.
— Aa, basi.

Hakuna aliyesema "siji", lakini aliyeuliza ameshajua kwamba amekataliwa. Anayekubali hujibu papo hapo na kwa ufupi: "Ee, nitakuya." Anayekataa huchelewa, hutanguliza kitu, kisha hutoa sababu. "Bon" ndiyo inayopiga hodi hapo: jibu linalokuja silo ulilolingoja. Nayo "unayua" haisemi kwamba mwenzake anajua, maana habari ya mtoto ndiyo kwanza anaisikia. Inamwomba aipokee sababu hiyo kama jambo ambalo mzazi yeyote angelielewa. "Basi" inafunga: nimekusikia, sikubani tena.

Sasa futa kama ulivyoagizwa. Kinachobaki ni "Kesho mutoto eko mugonjwa", kana kwamba mama anatabiri ugonjwa wa kesho. Huo si usafi, ni maana nyingine.

Usibadilishe pia "bon" kuwa "haya" kwa kuogopa Kifaransa. Vincent de Rooij, aliyechunguza mazungumzo ya Lubumbashi na kuandika juu yake mwaka 1996 na 2000, alieleza kwamba viungo hivi vya Kifaransa hufanya kazi vizuri kwa sababu havifanani na Kiswahili kinachovizunguka. Sikio linavishika upesi, na msikilizaji anajua mazungumzo yanageukia wapi. Mimi naona maelezo hayo yanakubaliana kabisa na ninayoyasikia kila siku.

Penye shida ni pale neno lilelile linapokuwa neno la kawaida. "Unayua fasi anaikala?" ni swali la kweli. Liondoe "unayua" na swali lenyewe linabadilika. Katika mfano wa mtoto ukiliondoa, habari ya ugonjwa inabaki vilevile. Kinachopotea ni namna ya kuipokea. Jaribu hivyo kila unaposita.

Andika na kimya, tafadhali. "Bon" inayotoka baada ya kimya, sauti ikivutwa, mara nyingi inatanguliza kukataa. "Bon, twende!" hutoka haraka, na sauti hushuka: hiyo inafunga jambo moja na kufungua lingine. Kwenye karatasi zinafanana, kwa hiyo ukiandika neno bila kimya chake, msomaji hatazitofautisha.