Barua kwa mwanangu: miaka 17 kati yenu

"Mama, mimi nina miaka 29, yeye 46. Tunapendana, ila kila mtu anasema pengo ni kubwa. Wewe unaonaje?"

Mwanangu mpenzi,

Namba hiyo peke yake hainitishi. Kinachonitia wasiwasi ni yale ambayo kila mmoja wenu anaona hayana haja ya kuulizwa, kwa kuwa kwa watu wa rika lake ndivyo ilivyo.

Chukueni karatasi mpige hesabu pamoja. Tuseme mtoto wa kwanza anazaliwa miaka miwili kuanzia sasa: wewe 31, yeye 48. Akistaafu na miaka 60, wewe utakuwa na 43 na mtoto 12. Hapo yeye atataka kupumzika, pengine kuhamia mahali tulivu, wakati wewe kazini ndiyo kwanza unapewa madaraka, na ada bado zinadaiwa. Mtoto akifika 18, baba yake ana 66. Sasa muulize: miaka hiyo mshahara wa nani utaendesha nyumba? Atakutegemea uache kazi ili mpumzike wote? Akiugua, nani atamuuguza, na kwa akiba ipi? Kwa kawaida wanawake huishi zaidi ya wanaume, kwa hiyo zungumzeni pia nyumba itaandikwa kwa jina la nani, na kama ana watoto wakubwa, iwapo wanalijua hilo. Ni mazungumzo mazito kwa wachumba, najua, lakini ni mepesi kuliko kuyafanya matangani.

La pili ni uamuzi. Mtu aliyejitegemea miaka 20 ana nyumba yake na utaratibu wake, na kila mara hukwambia, "Usijali, nitashughulikia." Mwanzoni utaona raha. Baadaye utagundua unaishi kama mgeni ndani ya maisha yaliyokwisha kupangwa. Hili unaweza kulipima sasa: mkatalie jambo lenye uzito kidogo, kama mahali pa kuishi, kisha usikilize anavyojibu. Akitoa sababu na kusikiliza zako, mnaweza kujenga. Akisema, "Ukikua utaelewa," ujue umri wake umeshageuzwa hoja, na hoja hiyo hutaishinda kamwe, maana hutamfikia umri.

Nawe usimfanyie hivyo kwa upande wako. Akichoka mapema au asipopenda kutoka na marafiki zako, usimwambie amezeeka. Kubalianeni siku zipi mtatoka pamoja na zipi utakwenda peke yako bila kuulizwaulizwa ukirudi.

Maneno ya watu yatapungua mkishazoeleka. Tofauti kuhusu watoto haitapungua. Kama yeye anao tayari na anasema "tutaona", mwombe jibu la ndiyo au hapana, na lini, kabla hatujapokea posa. Mimi na baba yako tunaweza kusubiri jibu hilo hata mwaka mzima.

Mama yako akupendaye