Usikate hashi: usaili wa kusanifu kifupisha viungo

*"Wakuu, wiki ijayo nina usaili wa kusanifu mifumo na swali ninalolitarajia ni huduma ya kufupisha viungo. Mpango wangu: napitisha anwani ndefu kwenye MD5, nachukua herufi 7 za mwanzo, naangalia kama ipo, ikiwepo naongeza chumvi narudia. Je, nihifadhi kwenye majedwali au kwenye hifadhi ya ufunguo na thamani? Usomaji mwingi niubebe vipi? Na takwimu za mibofyo je?"*

Acha hapo hapo. Hizo "herufi 7 za mwanzo za MD5" ndizo zilizonitoa mimi kwenye usaili nikiwa na kalamu mkononi na ubao umejaa maboksi mazuri ya seva. Najua umezipata wapi, maana hata mimi nilizipata huko huko: kwa mwalimu wa video mwenye sauti ya kujiamini, aliyetamka "mgongano ni nadra sana" kisha akapita kama anayeruka dimbwi. Hakupiga hesabu hata moja. Nililipia kozi ile, na tafadhali asiniulize mtu ni bei gani.

Hesabu yenyewe ni hii. MD5 ukiichapisha inatoka kwa heksadesimali: tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f, alama 16 tu. Ukikata 7 umebaki na 16⁷, yaani funguo 268,435,456. Mwalimu alikuwa ameandika ubaoni 62⁷, ambayo ni takriban trilioni 3.52, kwa sababu alikuwa akifikiria tarakimu, herufi ndogo na herufi kubwa. Hakugundua kwamba amehesabu nyumba moja na kujenga nyingine. Msaili akikupa mzigo wa kawaida wa viungo milioni 100 kwa mwezi, mwezi wa tatu hautaisha kabla funguo zako zote hazijakwisha. Na utaumia mapema zaidi: mwisho wa mwezi wa kwanza, kila kiungo kipya kina uwezekano wa asilimia 37 wa kuangukia ufunguo wenye mwenyewe. Mgongano wa kwanza kabisa hausubiri hata hapo. Ukifikisha viungo kama 19,300 tu, uwezekano kwamba viwili vimeshagongana ni nusu kwa nusu.

Utasema, basi nitaigeuza hashi yote kuwa namba, nichukue baki ya kugawa kwa 62⁷, niandike kwa besi 62. Sawa, hapo trilioni 3.52 ni zako kweli. Ila nusu kwa nusu bado inafika kwenye viungo milioni 2.2, na kwa mzigo ule ule hizo ni saa kama 16 za siku ya kwanza. Ukiendesha miaka 5 utakuwa na viungo bilioni 6, na njiani utakuwa umekutana na migongano kama milioni 5. Mgongano hapa ni kazi ya kila siku, kwa hiyo swali la maana ni nini hutokea unapotokea.

Na hapa ndipo palipo na kidonda. "Naangalia kama ipo" ni hatua moja, "naandika" ni hatua nyingine, na katikati yake kuna mwanya. Seva A inauliza ufunguo fulani, inajibiwa haupo. Seva B inauliza huo huo, inajibiwa haupo. A inaandika. B inaandika. Kwenye hifadhi nyingi za ufunguo na thamani, amri ya kawaida ya kuandika hubadilisha kilichokuwepo bila kulalamika. Mteja wa A ameshapewa kiungo chake, ameshakichapisha kwenye mabango, na sasa kinawapeleka watu kwa mteja wa B. Hakuna kosa kwenye kumbukumbu za seva, hakuna kengele. Dalili pekee ya ndani ni kwamba safu zilizomo kwenye hifadhi ni pungufu kuliko majibu ya mafanikio uliyotoa. Wengi hugundua kwa simu ya mteja mwenye hasira.

Chumvi nayo haikusaidii. Sababu pekee ya kutumia hashi ya anwani ni kwamba anwani ile ile itoe ufunguo ule ule. Ukiongeza chumvi, sifa hiyo imekufa, umebaki na namba ya bahati nasibu iliyopikwa kwa gharama kubwa. Tena hata sifa yenyewe ni ya kutiliwa shaka: watu wawili wakifupisha anwani moja wanagawana ufunguo, na mmoja akifuta chake, cha mwenzake nacho kimekwenda.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitaing'ang'ania: upekee ugawiwe, usibahatishwe. Weka kaunta. Kila kiungo kipya kinapata namba yake, namba inaandikwa kwa besi 62, basi. Mfano, kwa mpangilio wa 0-9, a-z, A-Z, namba 1,000,000 ina 4 za 238,328 na kubaki 46,688. Humo mna 12 za 3,844 na kubaki 560. Humo mna 9 za 62 na kubaki 2. Tarakimu ni 4, 12, 9, 2, na ya 12 huandikwa c. Ufunguo ni `4c92`. Ukitaka zote ziwe na herufi 7, anza kuhesabu kutoka 62⁶, yaani 56,800,235,584.

Msaili atakurukia: "Kaunta moja si itakuwa shingo ya chupa?" Ndiyo, kama kila kiungo kinaigongea mlango. Usifanye hivyo. Kila seva ichukue fungu zima la namba kwa mara moja, igawe yenyewe kutoka kwenye kumbukumbu yake. Kwenye MySQL ni mistari miwili:

```sql
UPDATE kaunta SET ijayo = LAST_INSERT_ID(ijayo + 1000);
SELECT LAST_INSERT_ID();
```

Jibu likiwa 5000, fungu lako ni 4000 hadi 4999. Seva ikifa katikati, namba zilizobaki zimepotea, na wala usihangaike kuzifufua. Ukubwa wa fungu ndio wa kufikiria. Milioni 100 kwa mwezi ni kama viungo 39 kwa sekunde. Ukigawa kwa seva 4, kila moja inatumia kama 10 kwa sekunde. Fungu la 1,000 linakwisha kwa sekunde 100, maana yake kaunta ikizimika dakika mbili tu nawe umesimama. Fungu la 100,000 linakupa karibu saa tatu za kuitengeneza. Omba fungu jipya pale la zamani linapofika nusu, usingoje likauke.

Swali la pili litakuwa kwamba funguo zinafuatana, kwa hiyo mtu anaweza kuzipitia moja moja na kusoma viungo vya wote. Changanya namba kabla ya kuiandika: izidishe kwa namba isiyo shufwa na isiyogawanyika kwa 31, kisha chukua baki ya kugawa kwa 62⁷, na ufunguo ukitoka mfupi ujazie sifuri mbele hadi ufike herufi 7. Kwa kuwa 62 ni 2 mara 31, kila namba inapata mwenza mmoja tu na mgongano hauwezekani. Ila angalia hapa, maana kuna shimo lililofunikwa majani: zao la namba mbili za ukubwa wa trilioni linaweza kuzidi biti 64. Lugha nyingi zitakata ziada kimyakimya, na kwenye JavaScript namba za kawaida hupoteza usahihi baada ya 2⁵³. Likikatwa, ule uhakika wa mwenza mmoja umevunjika na migongano imerudi kupitia dirishani. Tumia namba za biti 128 au `BigInt`. Na usimwambie msaili kwamba hii ni siri. Mwenye namba mbili za jirani anaweza kuifumbua. Ni pazia, si kufuli.

Sasa hata ukiwa na kaunta, bado hifadhi yenyewe lazima ikatae ufunguo uliorudiwa. Kwa nini, kama kaunta hairudii? Kwa sababu siku moja mtu atarejesha kaunta kutoka kwenye nakala ya jana, nayo itaanza kugawa namba za jana kwa mara ya pili. Ukiwa na ufunguo mkuu, utaona makosa ya marudio yakimiminika na utaisogeza kaunta mbele. Bila huo, utafuta viungo vya watu.

```sql
CREATE TABLE viungo (
  ufunguo VARCHAR(10) CHARACTER SET ascii COLLATE ascii_bin PRIMARY KEY,
  anwani TEXT NOT NULL
);
```

Usiipite hiyo `ascii_bin`. Ulinganishaji wa kawaida wa MySQL haubagui herufi kubwa na ndogo, kwake `4c92` na `4C92` ni kitu kimoja. Ukiisahau, besi yako 62 imekuwa 36 bila wewe kuarifiwa. Majina ambayo wateja wanajichagulia yakae kwenye jedwali hili hili, ila kataza yenye herufi 7 kamili ili yasije kukalia namba ambayo kaunta haijaifikia.

Majedwali au ufunguo na thamani? Yoyote, mradi ina uandishi wa masharti. Kwenye DynamoDB ni `attribute_not_exists`; kwenye majedwali ni ufunguo mkuu. Bilioni 6 kwa baiti 500 ni terabaiti 3, si mzigo wa kutisha, na unagawanyika vizuri kwa ufunguo kwa sababu kila usomaji unatafuta ufunguo mmoja tu.

Usomaji nao watu wanautia chumvi (na usinicheke kwa neno hilo). Ukikadiria mibofyo 100 kwa kila kiungo kinachoundwa, ni kama 3,900 kwa sekunde. Redis moja mbele ya hifadhi inabeba hiyo, na viungo milioni moja vyenye moto ni megabaiti 500 tu. Kwa kuwa kiungo kikishaandikwa karibu hakibadiliki, tatizo la kache iliyochacha unalikwepa. Tatizo lako ni kiungo kichanga: mteja amekiunda, anakibofya papo hapo, ombi linaangukia nakala ya kusomea ambayo haijakipata, anajibiwa 404. Mbaya zaidi, kama unahifadhi pia majibu ya "hakipo" kwenye kache, umemfungia nje hadi muda wake uishe. Dawa ni kukiandika kwenye kache wakati ule ule wa kukiunda, na jibu la "hakipo" lisikae zaidi ya sekunde chache.

Elekeza kwa 302, uelekezo wa muda, si 301, ule wa kudumu. Ukitoa 301 kivinjari kinaweza kukariri njia, na mbofyo wa pili wa mtu yule yule usifike kwako kabisa. Halafu nenda kapige hizo hesabu za 16⁷ kwa mkono wako mara mbili kabla ya siku yenyewe, kwa sababu msaili wangu alinyamaza tu akaniacha nizipige mbele yake.