Riba ya mwaka wa tatu au riba ya miaka mitatu?

Swali: Katika andiko la mradi niliandika: “Fedha za mwaka wa tatu zimepunguzwa kwa riba ya mwaka wa tatu, asilimia 12.” Mkuu wangu anataka iwe “riba ya miaka mitatu”. Je, si maana ileile?

Jibu: Ndugu msomaji, mkuu wako yuko sahihi, na kosa hili hubadilisha hesabu. “Miaka mitatu” ni muda mzima, kuanzia leo hadi mwisho wa mwaka wa tatu. “Mwaka wa tatu” ni mwaka mmoja tu, ule unaofuata wa pili.

Tuseme soko la hatifungani za serikali linatoa asilimia 10 kwa mkopo wa mwaka mmoja, 11 kwa mwaka kwa wa miaka miwili, na 12 kwa mwaka kwa wa miaka mitatu. Mradi wako utaingiza shilingi milioni 100 mwishoni mwa mwaka wa tatu. Hiyo 12 inahusu muda wote, kwa hiyo unagawanya kwa 1.12 mara tatu, na thamani ya leo inakuwa milioni 71.2.

Aliyesoma “riba ya mwaka wa tatu” atafanya vingine. Atachukua 10 kuwa ya mwaka wa kwanza, 11 ya wa pili, 12 ya wa tatu, kisha agawanye kwa 1.10 × 1.11 × 1.12. Atapata milioni 73.1, na mradi utaonekana bora kuliko ulivyo. Riba ya mwaka wa tatu peke yake kwa kweli ni kama asilimia 14, maana ndiyo inayohitajika kuivuta 11 ya miaka miwili ifike 12 ya miaka mitatu:

```
1.12^3 / 1.11^2 = 1.1403
```

Ukitaka kwenda mwaka kwa mwaka, tumia 10, kisha 12.01, kisha 14.03. Utarudi kwenye 71.2 ileile, na usipoifikia, ujue umechanganya aina mbili za riba. Riba zikiwa sawa kwa kila muda, njia zote hutoa jibu moja, ndiyo maana kosa hili hujificha kwa urahisi.

Andika hivi: “Fedha za mwaka wa tatu zimepunguzwa kwa riba ya miaka mitatu, asilimia 12 kwa mwaka.” Usiache “kwa mwaka”, la sivyo mtu anaweza kudhani 12 ni jumla ya miaka yote mitatu.

Tena, kama 12 umeinakili kutoka kwenye hatifungani inayolipa riba kila baada ya miezi sita, bado haifai kuitwa riba ya miaka mitatu kwa maana hii. Ni wastani uliochanganya malipo ya mapema na ya mwisho, na hapa tunahitaji riba ya malipo moja tu, yale ya mwisho.