Kesi kwa niaba ya jirani

"Majirani zangu Mbagala wamebomolewa nyumba bila kusikilizwa. Mimi sikuguswa. Naweza kwenda Mahakama Kuu kwa niaba yao?"

Ndugu, mlango upo. Ibara ya 26(2) ya Katiba humpa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba na sheria za nchi, na katika kesi ya Mtikila Jaji Lugakingira aliikubali kama msingi wa kesi za maslahi ya umma. Wadandiaji wa kesi zisizowahusu hakuwataka.

Kigingi kililetwa 2020: kifungu cha 4 cha Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, Sura ya 3 ya sheria za nchi, kilirekebishwa, kikadai kiapo kieleze ulivyoathirika wewe binafsi. Marekebisho hayo yamepingwa mahakamani, kwa hiyo wakili akague kifungu kilivyo leo.

Ningekuwa wewe, ningemtanguliza jirani mmoja awe mwombaji. Aape mwenyewe: siku ya tingatinga, vyumba vilivyoanguka, notisi asiyoiona. Wewe changia nauli na wakili.