Imeili za Noeli: hesabu kuanzia siku unayofunga komande

*"Bakubwa, nisaidieni. Niko Lubumbashi, ninauza keki na maboksi ya zawadi za Noeli na Bonane. Mwaka jana nilituma imeili karibu kila siku mwezi wa 12, watu wakaanza kujiondoa hata Noeli haijafika. Nitume mara ngapi, na saa ngapi?"*

Ndugu yangu, kosa hilo nililifanya mimi kabla yako. Nina atelye ya kushona Kamalondo, mafundi wanne, na orodha ya majina 640: watu wa hapa mjini, wa Likasi na Kolwezi, na ndugu walioko Ubelgiji wanaolipia nguo za wazazi wao huku. Mwaka 2023, kati ya tarehe 20 Novemba na 14 Desemba, niliwatumia wote imeili 11. Waliojiondoa walikuwa 41, na hao sikuwalilia sana. Anayejiondoa amenifanyia heshima, amepita mlangoni.

Wanaoumiza ni wale wanaobonyeza Spam. Gmail haikuambii ni nani, na kwa orodha ndogo kama zetu hata takwimu zake za Postmaster Tools mara nyingi hubaki tupu. Mimi nilijua kwa njia nyingine. Mama mmoja, mteja wangu wa zamani, alikuja atelye amekasirika: nguo zake zilikuwa zimeshonwa siku tatu zilizopita na hakuna aliyemwambia. Nikamwonyesha ujumbe niliomtumia. Tukafungua simu yake pamoja, tukaukuta kwenye spamu, chini ya matangazo yangu matano. Hayo ndiyo madhara yenyewe: ukichosha watu kwa matangazo, hata risiti na ujumbe wa "nguo yako iko tayari" hupotea, kwa sababu vyote vinatoka kwenye anwani moja.

Google inataka malalamiko yasifike asilimia 0.3, na ingependa yabaki chini ya 0.1. Fanya hesabu kwa orodha yangu: asilimia 0.3 ya watu 640 haifiki watu wawili. Yaani watu wawili tu wenye hasira kwenye imeili moja wanatosha kukuvusha mstari.

Sasa mara ngapi. Mwaka 2023 nilihesabu kuanzia mwanzo: "msimu umeanza, tuanze kutuma." Mwaka 2024 niligeuza. Nilianza na siku ambayo baada yake siwezi tena kupokea komande. Mafundi wanne wanahitaji siku kumi hivi kumaliza foleni, na Noeli ilikuwa Jumatano, kwa hiyo nilifunga Jumamosi tarehe 14 Desemba. Kutoka hapo nikarudi nyuma. Ijumaa tarehe 13, ukumbusho wa mwisho. Jumanne tarehe 10, ukumbusho wa kwanza. Jumanne tarehe 3, imeili ya pili kwa wote, maana kwa wateja wangu mshahara wa Novemba unakuwa umeshaingia. Jumanne tarehe 12 Novemba, imeili ya kufungua msimu: mitindo, bei na tarehe ya kufunga. Ile wiki ya mwisho ya Novemba niliiruka makusudi, kwa sababu Ijumaa tarehe 29 ilikuwa Black Friday na masanduku ya watu yanajaa matangazo ya dunia nzima. Libaya langu la kikwembe lingekanyagwa humo.

Utaona ni imeili nne, lakini si kila mtu alipata nne, na hapo ndipo penye siri yote. Mbili za kwanza zilikwenda kwa orodha nzima. Mbili za mwisho zilikwenda tu kwa waliobonyeza picha ya mtindo au kuuliza bei halafu hawakuagiza. Walikuwa 87. Aliyeagiza nilimtoa siku ileile. Hakuna kinachochosha kama kukumbushwa ununue kitu ulichokwisha kulipia. Asiyebonyeza chochote mara mbili amekwisha kujibu, amesema hapana bila kufungua mdomo. Ukimtumia ya tatu, unamwomba abonyeze Spam.

Utaniuliza kwa nini siangalii waliofungua imeili badala ya waliobonyeza. Tangu Septemba 2021 simu za Apple zinaweza kupakua picha za imeili zenyewe, mtu hajasoma hata mstari mmoja, na programu yako inaandika "amefungua". Ndugu zangu wa Ubelgiji wengi wana aiphone. Kwa takwimu za kufungua, wote ni wasomaji wangu hodari.

Hata kubonyeza kuna mtego mmoja, na kwetu Katanga unakamata zaidi kwa sababu ya wateja wenye anwani za kazini. Kampuni kubwa nyingi zina ulinzi unaokagua imeili kwa kubonyeza viungo vyote kabla mfanyakazi hajaiona. Nilishangaa kuona mhasibu mmoja wa Kolwezi "anapenda" kila mtindo niliouweka, hadi ule wa watoto wachanga. Dalili ni mbili: vibonyezo vyote vinatokea ndani ya sekunde chache baada ya kutuma, na hata kiungo cha anwani kule chini kimebonyezwa. Watu wa namna hiyo ninawahesabu kama hawajabonyeza, nasubiri wajibu wenyewe.

Kitu kingine kilichonisaidia ni mstari mmoja mwishoni mwa imeili ya kwanza: "Kama Noeli hii hushoni, bonyeza hapa, tutaonana Pasaka." Watu 52 walibonyeza na kuthibitisha. Hao wangejiondoa moja kwa moja, au mbaya zaidi. Kuna aliyefiwa, kuna aliyehamia Kinshasa, kuna ambaye mwaka huu hana hela tu. Kiungo hicho kipeleke kwenye ukurasa wenye kitufe cha kuthibitisha, la sivyo ile mashine ya Kolwezi itawaondoa watu ambao hawakuomba. Lakini hiki hakichukui nafasi ya kujiondoa kabisa. Ile "Se désabonner" inayotokea juu kwenye Gmail lazima ifanye kazi kwa kubonyeza mara moja. Programu nyingi za kutuma zinaiweka zenyewe; ukitaka kuhakikisha, jitumie imeili, fungua chanzo cha ujumbe, utafute mistari hii:

```
List-Unsubscribe: <https://...>
List-Unsubscribe-Post: List-Unsubscribe=One-Click
```

Ukikosa mstari wa pili, waulize wenye programu kabla ya Novemba.

Kuhusu saa, nitakukatisha tamaa kidogo. Nilijaribu kwa adabu zote: nikagawa orodha nusu kwa nusu kwa kubahatisha, imeili ileile, nusu moja saa 12:15 mchana na nusu nyingine saa 18:30 jioni (ninaandika saa kama zinavyosomwa kwenye skrini). Nikahesabu komande za siku mbili. Mchana ulileta 9, jioni 6. Nilifurahi, nikaanza kumtangazia kila mtu kwamba mchana ndiyo saa ya dhahabu. Wiki iliyofuata nikarudia, jioni ikashinda 8 kwa 7. Kwa orodha ya mamia, tofauti ndogo hivyo ni bahati tu. Usipoteze msimu kutafuta dakika.

Nilichojifunza ni kwamba saa nzuri ni ile ambayo wewe mwenyewe unaweza kujibu. Huku kwetu mtu hasomi imeili akalipa palepale. Anasoma, anahamia WhatsApp, anauliza "kitambaa hiki mnacho cha bluu?" Asipojibiwa ndani ya saa moja, hamu imekwisha. Siku moja nilituma saa 18:30, umeme ukakatika saa 19:00, simu yangu ilikuwa na asilimia 8. Kesho yake asubuhi nilikuta maswali 14, na walioendelea na mazungumzo walikuwa watatu. Tangu hapo ninatuma Jumanne saa 12:15: watu wa biro wako kwenye mapumziko na waifai ya kazini, mega zao haziliwi, na mimi nina mchana mzima wa kujibu. Wale wa Ubelgiji ninawatumia Jumapili alasiri, maana ndipo wanapopigia simu nyumbani na kuulizana nani atamvika mama.

Hapo kwa Ubelgiji, chunga majira. Sisi tuko UTC+2 mwaka mzima. Wao wanarudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo kuanzia hapo wako nyuma yetu kwa saa moja, sawa na Kinshasa. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti yako uone imeandikwa `Africa/Lubumbashi`. Yangu ilikuwa imebaki kwenye saa za Marekani tangu nilipoifungua, na imeili yangu "ya mchana" ilikuwa inaingia usiku. Miaka miwili sikujua.

Matokeo ya 2024: waliojiondoa walishuka kutoka 41 hadi 7, na komande zilikuwa 63, wakati mwaka uliotangulia zilikuwa 58. Sitakudanganya kwamba imeili chache ndizo zilizoleta hizo tano za ziada. Ule mwaka tulikuwa pia na vitambaa vizuri. Ila sikupoteza chochote kwa kunyamaza.

Kwako wewe wa keki, tarehe zitasogea, maana keki haikai kabatini kama suruali. Mwaka 2025 Noeli ni Alhamisi. Tuseme tanuri lako linaweza kupokea komande hadi Jumatatu tarehe 22 Desemba. Fungua msimu Jumanne tarehe 18 Novemba, tuma kwa wote tena tarehe 2 Desemba, halafu waliobonyeza tu tarehe 16 na Ijumaa tarehe 19. Baada ya tarehe 22, kimya, isipokuwa risiti na ujumbe wa "njoo uchukue", na humo usichomeke tangazo la Bonane. Maboksi ya Bonane yataje ndani ya imeili hizohizo za mwanzo. Ukiyafungulia msimu wake, mtu yuleyule atapata nane.

Na wale ambao hawajanunua wala kubonyeza kitu tangu Noeli ya juzi, waandikie mara moja mwezi wa 10, mistari mitatu, uwaulize kama bado wanataka habari zako. Asiyejibu mwache nje ya msimu. Wengi wao wamekwisha kusahau jina la duka lako, na mtu aliyekusahau ndiye wa kwanza kubonyeza Spam. Tanuri lako linachoma keki ngapi kwa siku? Andika hapa, tuone kama tarehe 22 inabeba au uirudishe hadi 20.